Uzoefu wangu: kumtafsiria mpangaji ilani ya kupandisha kodi kutoka Kiswahili kwenda Kichina

Nimetumia huduma ya ofisi moja ya tafsiri kwa ajili ya ilani ya kupandisha kodi ya pango, na kwa jumla nimeridhika nayo, ingawa rasimu ya kwanza ingeniletea mgogoro kama ningeikabidhi kama ilivyokuja. Mpangaji wangu ni Mchina anayezungumza Kiswahili cha kutosha kuelewana na majirani na mafundi, lakini kusoma barua rasmi ni shughuli nyingine kwake, na sikutaka atie saini karatasi ambayo maana yake angeisikia kwa mtu wa tatu.

Ilani yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba kodi itapanda kwa asilimia 20, kutoka shilingi laki nane na nusu kwa mwezi hadi shilingi milioni moja na elfu ishirini, kwamba kodi itaendelea kulipwa kwa miezi mitatu mitatu, kwamba amana ya mwezi mmoja iongezwe ili ilingane na kodi mpya, na kwamba mpangaji ajibu kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa, la sivyo ahame mkataba wa sasa utakapokwisha.

Kabla ya kuanza kazi, mfasiri aliniuliza mambo ambayo yalinifanya nimwamini. Alitaka kujua kama mpangaji anasoma maandishi ya Kichina yaliyorahisishwa, yanayotumika China Bara, au yale ya asili yanayotumika Taiwani na Hongkongi. Aliuliza pia kama 01/03 ni tarehe 1 Machi au 3 Januari, kwa kuwa Wachina huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na msomaji aliyezoea mwezi kutangulia siku anaweza kuisoma kinyume. Tulikubaliana kwamba kila tarehe iandikwe kwa ukamilifu, pamoja na alama za mwaka, mwezi na siku. Saa nne asubuhi ya kikao chetu nayo iliandikwa kuwa saa kumi kwa hesabu ya Kichina, maana wao huanza kuhesabu usiku wa manane.

Penye fedha ndipo palipoteleza. Wachina hawahesabu kwa maelfu na mamilioni kama sisi. Wana kipimo chao kiitwacho wan, ambacho ni elfu kumi, na kiasi kikubwa hutajwa kwa kuhesabu wan ziko ngapi. Laki moja yetu, kwa hiyo, ni wan kumi. Katika rasimu, laki nane na nusu iligeuzwa kuwa wan nane na nusu, yaani shilingi 85,000, wakati kodi mpya iliandikwa sawasawa kuwa wan 102. Mtu anayesoma Kichina peke yake angeona kwamba kodi imepandishwa mara kumi na mbili, huku mstari wa juu yake ukisema asilimia 20. Mpangaji yeyote mwenye akili timamu angeanza kufunga mizigo, au angekwenda moja kwa moja kwa wakili.

Niliweza kuligundua kosa hilo bila kujua hata herufi moja ya Kichina, na hapa ndipo ninapoisifu ofisi hii zaidi. Tafsiri ililetwa kwenye jedwali la safu mbili, Kiswahili kushoto na Kichina kulia, aya kwa aya, na tarakimu zimeachwa katika maumbo tunayoyajua wote. Ukishaonyeshwa alama ya wan, kuhakiki ni hesabu ya kawaida: chukua kiasi cha shilingi, ugawe kwa 10,000. Shilingi 850,000 ni wan 85. Shilingi 1,020,000 ni wan 102. Malipo ya miezi mitatu, shilingi 3,060,000, ni wan 306. Nyongeza ya amana, shilingi 170,000, ni wan 17. Nilipoeleza tofauti hiyo walisahihisha siku hiyohiyo, na wakaongeza kitu ambacho sikukiomba: kila kiasi kiliandikwa pia kwa zile tarakimu nzito za Kichina zinazotumika kwenye hundi na mikataba, ambazo ni vigumu kuzichezea kwa kuongeza mstari mmoja wa kalamu. Ni sawa na desturi yetu ya kuandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi na nisingeweza kuliona kwa macho yangu. Nililipia hatua ya ziada ambayo mfasiri mwingine, asiyeiona ilani ya Kiswahili, hupewa Kichina peke yake na kukirudisha katika Kiswahili. Katika nakala hiyo amana yangu ilirudi kama "malipo ya kufunga makubaliano". Kumbe rasimu ilitumia neno dingjin badala ya yajin. Yajin ndiyo amana ya nyumba: fedha inayoshikwa na mwenye nyumba na kurudishwa mpangaji anapoondoka, baada ya kukatwa madeni na uharibifu. Dingjin ni fedha ya kuthibitisha kwamba mtu hatarudi nyuma, na chini ya Sheria ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, aliyeitoa akivunja makubaliano huipoteza, na aliyeipokea akivunja hurudisha mara mbili. Mkataba wetu hauongozwi na sheria hiyo, lakini mpangaji angeisoma ilani kwa mazoea ya kwao, na angeweza kudhani kwamba akihama ninataifisha fedha yake, au kwamba nikimtoa itanibidi nimrudishie mara mbili.

Nakala hiyo ya kurudisha ilifichua pia kwamba sentensi ya kujibu au kuhama ilikuwa imelainishwa mno. Mimi niliandika "unatakiwa kujibu", nayo ikarudi "tunakuomba ufikirie". Mfasiri alijitetea kwamba barua ya Kichina isiyo na upole huonekana kama ugomvi, na hoja yake ninaikubali kwa upande wa salamu na utangulizi. Lakini sharti lenye tarehe ya mwisho likigeuka ombi, mpangaji anaweza kukaa kimya kwa nia njema kabisa. Tulimalizana kwa kubakiza upole kwenye ufunguzi na kurudisha sharti kuwa sharti. Chini kabisa tuliweka mstari, kwa lugha zote mbili, kwamba pakitokea tofauti nakala ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa, kwa sababu ndiyo niliyoitia saini.

Mpangaji alijibu ndani ya muda uliowekwa, kwa barua fupi ya Kichina, akakubali kodi mpya na kuomba zile wan 17 azilipe pamoja na kodi ya awamu ya kwanza badala ya kuzitoa mapema. Ombi lake lilinionyesha kwamba ameelewa vizuri kuliko saini tupu ingeonyesha. Nilikubali, na nikairudia ofisi ileile ili iniandalie nyongeza ya sentensi mbili kwa lugha zote mbili. Hapo walinitoza kama waraka mpya mzima, kwa maelezo kwamba bei yao ya chini ni ya ukurasa, na jambo hilo halikunifurahisha hata kidogo. Kwa kazi yenyewe ninawapa nyota nne kati ya tano, kwa masharti kwamba mteja alipie ile hatua ya kurudisha tafsiri. Bila hiyo ningewapa mbili.