Fomu ya mawasiliano: fumbo la picha au kisanduku cha mtego?

Fomu ya nyumba ya wageni ninayoihudumia hapa Bukavu ilijaa matangazo ya roboti usiku kucha, na maombi ya vyumba yakazama humo.

Fumbo la picha, lile linalomtaka mtu achague picha ili athibitishe kwamba si roboti, linamtwisha mgeni mzigo. Mwenye simu ya bei nafuu na mega chache anasubiri picha za taa za barabarani zifunguke. Zisipofunguka, ujumbe hautumwi, nawe hutajua kamwe kwamba alijaribu.

Kisanduku cha mtego hakimsumbui mtu:

```html
<input name="mada_b" class="mbali" tabindex="-1" autocomplete="off" aria-hidden="true">
```

CSS inakisukuma nje ya skrini, lakini roboti inayojaza kila nafasi inakijaza. Seva ikikuta maandishi humo, inautenga ujumbe. Inapima pia muda tangu fomu ifunguliwe: ujumbe mrefu uliotumwa chini ya sekunde 3 haukuandikwa kwa vidole.

Mtego unadai uangalizi, hata hivyo. Mwanzoni kisanduku hicho nilikiita `phone2`. Simu za wateja zikakijaza zenyewe, nami nikakuta maombi 3 halali kwenye folda ya taka. Iliniuma sana. Siku hizi sifuti kitu kabla ya kukagua.

Fumbo linashinda pale roboti imeandikwa mahsusi kwa fomu yako: inaruka kisanduku, inasubiri sekunde 10, inatuma. Kama fomu yako inafungua akaunti, weka fumbo, ila litokee kwa wenye kushukiwa tu. Kama inapokea maswali ya wateja, mtego na seva vinatosha. Watu wanaolipwa kuandika matangazo kwa mkono wanapita kote kuwili.