Uzoefu wangu: mhariri anayetufupishia skripti ya mchana kuwa muhtasari wa usiku

Mimi husoma habari katika redio ndogo ya mtaa hapa Nairobi. Taarifa yetu ya saa saba mchana huchukua dakika kumi, na saa tatu usiku tunatoa muhtasari wa dakika mbili. Kwa miezi kadhaa sasa, kazi ya kuigeuza ile ya mchana kuwa hii ya usiku tumempa mhariri wa kujitegemea. Hutoza shilingi 600 kwa skripti. Namtumia kwa wasapu saa kumi jioni, na saa moja ikifika huwa ameshanirudishia.

Kabla hajagusa chochote, aliomba rekodi za usomaji wangu akazisikiliza. Baadaye akaniandikia karatasi moja ya kanuni: sentensi zangu zisipite maneno 15 hivi kwa sababu hapo ndipo pumzi yangu huanza kukatika, cheo kitangulie jina, nambari ziandikwe jinsi ninavyozitamka. Skripti ya mchana huandikwa na maripota watatu, na kila mmoja ana mtindo wake. Yupo anayependa methali, yupo anayeandika kama karani wa mahakama. Mchana tofauti hiyo haisikiki sana, maana kati ya habari na habari kuna klipu za wahojiwa. Usiku klipu hazipo. Ni sauti yangu peke yake kwa dakika mbili, na msikilizaji anatambua mara moja mtindo ukibadilika katikati.

Kazi yake niliielewa vizuri zaidi tarehe 14, siku ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za mafuta. Skripti yetu ya mchana ilisema hivi:

"Wakenya wanasubiri kwa hamu na ghamu tangazo la bei mpya za mafuta, huku EPRA ikitarajiwa kutoa bei zitakazotumika kuanzia kesho tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi ujao."

Mtu mwingine angepunguza maneno tu, na saa tatu usiku ningekuwa bado nawaambia watu wasubiri tangazo ambalo limeshatoka. Yeye alinirudishia hivi:

"Bei mpya za mafuta zinaanza kutumika saa sita usiku huu. Hapa Nairobi, lita moja ya petroli itauzwa kwa shilingi [JAZA]. Bei hizo za EPRA zitadumu hadi tarehe 14 mwezi ujao."

Alipoandika, bei zenyewe zilikuwa hazijatoka. Ndiyo maana aliacha pengo, akaliweka mwishoni mwa sentensi ili nambari yoyote itakayoingia isiharibu mwendo wa kusoma. Chini yake aliongeza sentensi ya akiba ya kutumia endapo bei haingebadilika. Tangazo lilipotoka jioni, nilijaza na kusoma bila kuhangaika. Habari ya dizeli na mafuta ya taa aliiacha nje, na hapo sikukubaliana naye. Wasikilizaji wetu wengi hupikia stovu, hivyo bei ya mafuta ya taa inawagusa kuliko petroli. Nilimwambia, na tangu hapo huyaweka mbele.

Kasoro iliyonitia wasiwasi ilitokea kwenye habari ya polisi. Ripota aliandika kwamba polisi wamemkamata mwanamume anayeshukiwa kuiba nyaya za umeme. Katika muhtasari ikawa: "Mwizi wa nyaya za umeme amekamatwa." Maneno yamepungua, lakini mtu ambaye hajafikishwa mahakamani tayari tumemhukumu hewani. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Niliiona kwa sababu huwa nasoma skripti mbili sambamba, nikitafuta maneno kama "polisi wanasema", "anashukiwa", "kwa mujibu wa". Hayo ndiyo huwa ya kwanza kupotea mtu anapofupisha, kwa kuwa yanaonekana kama mzigo. Nilimpigia simu, akasahihisha papo hapo na kuongeza kanuni kwenye karatasi yetu: chanzo cha madai hakikatwi. Kama nafasi haitoshi, habari nzima inaondolewa. Kosa hilo sijaliona tena, ila bado nakagua kila jioni.

Urefu nao usiuamini kwa hesabu ya maneno pekee. Maneno ya Kiswahili hurefuka, na "wanaotarajiwa kuidhinishwa" humeza muda kuliko maneno mawili mafupi. Mimi huisoma skripti yote kwa sauti nikiwa na saa ya kupimia, nikilenga kumaliza sekunde kumi kabla ya muda ili nibaki na nafasi ya kuaga.

Kwa studio yenye msomaji mmoja wa usiku na asiyekuwa na mhariri wa zamu, ningeipendekeza huduma hii. Usiku wa matukio yanayobadilika kila dakika haifai, kwa sababu skripti iliyotumwa saa kumi huwa imepitwa na wakati saa tatu. Usiku wa namna hiyo tunaandika wenyewe, tukifuata karatasi yake ya kanuni.