Stika za NFC: nilimlaani muuzaji, na sijaacha

Nisiseme uongo, hizi stika nilizipenda kabla hata sijazinunua. Mimi ni nesi. Wiki za zamu ya usiku narudi nyumbani asubuhi na kulala wakati mtaa mzima ndiyo kwanza umeamka, na simu ndiyo adui yangu. Wa kikoba anapiga, muuza gesi anapiga, namba ngeni zinapiga kuniuliza kama nataka mkopo. Kuizima sithubutu, mama yangu ana presha. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeniambia, "Mamdogo, kuna stika ya duara kama sarafu, ukiigusisha simu inanyamaza yenyewe, anapita bibi tu."

Nikazifuata Kariakoo. Stika kumi, shilingi 12,000. Kijana aliyeniuzia alikuwa na maneno matamu kama tende: hazitaki betri, hazitaki chaji, bandika popote mama. Popote! Hilo neno mlikumbuke.

Kuziandika hakukunisumbua. Kwenye simu yangu ya Android niliweka programu mbili, NFC Tools na NFC Tasks, maana stika yenyewe haijui kunyamazisha chochote. Inabeba maneno machache tu (chipu ya NTAG213 ina baiti 144 za kuandikia, na kwa kazi hii zinatosha), halafu ile programu ya pili ndiyo inayoyasoma na kuyatekeleza. Nikachagua `Do Not Disturb`, nikaongeza kushusha mwanga wa kioo, nikaandika. Siku ya kwanza simu ilitoa mlio kwamba imesoma, ila ikaendelea kuita kama kawaida. Kumbe kwenye mipangilio ya simu kuna ruhusa inaitwa `Do Not Disturb access`, na usipompa NFC Tasks ruhusa hiyo anagonga mlango bila ufunguo. Namba ya mama nikaiwekea nyota, nikaruhusu wenye nyota wapite. Nikajaribu pale pale mezani, mara tano, mara zote tano ikakubali. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikaibandika kitandani.

Kitanda changu ni cha chuma, kilichomelewa na fundi wa Gerezani miaka hiyo, na hakiyumbi hata ukipiga teke. Stika nikaiweka kwenye nguzo ya kichwani, pale mkono unapofika wenyewe. Nikagusisha simu. Haisomi. Nikaisogeza juu, chini, nikaigeuza, nikavua kava. Hakuna. Nimetoka zamu, macho yamevimba, nimesimama nasugua simu kwenye nguzo ya kitanda kama anayepiga deki. Nikabandika ya pili pembeni yake, nayo kimya. Ya tatu vilevile.

Nikamrudia yule kijana na hasira zangu zote. Sikufika mbali. Alichukua stika moja kati ya zile zangu, akaiweka juu ya kioo cha meza yake, akachukua simu yangu, akagusisha. Ikasoma mara moja. Akawatazama wenzake, wakacheka. "Mama, hizi siyo za wazee. Mpe mtoto akusaidie." Nikamwambia nyumbani haisomi. Akanionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nina miaka arobaini na mbili, jamani. Wazee!

Aliyefumbua fumbo ni yule mtoto wa dada, tena kwa daftari. Alichukua daftari la kwaya mbili, akaliegemeza kwenye nguzo, stika juu yake, simu ikasoma. Akalitoa daftari, stika ikagusa chuma, simu ikagoma kusoma. Akaweka kipande cha boksi la simu badala ya daftari: ikasoma kwa kubembelezwa, mpaka ukipata kona yenyewe. Sababu yake ni hii. Stika haina betri, kwa hiyo umeme wake wote inaupata kwenye mawimbi ya simu, kupitia ule waya mwembamba uliojizungusha ndani yake kama koili. Chuma kikiwa nyuma yake kinayanywa mawimbi hayo na kuyarudisha kinyume, na koili nayo inatoka kwenye masafa yake. Chipu haiamki. Haijafa, imenyimwa chakula tu. Ndiyo maana mezani ilikuwa nzima na kitandani maiti. Na kwa kuwa hata pasipo chuma simu inatakiwa isogee sentimita moja mbili tatu hivi, hakuna nguvu ya akiba ya kupoteza.

Hapo nikaanza kumwonea aibu yule kijana. Stika zake zilikuwa nzima, simu yangu nzima, kosa ni la kitanda. Nikasema nitampitia nimwombe radhi. Nikapita kweli, siku nyingine, nikamweleza habari ya chuma. Bila hata kupepesa macho akavuta droo, akatoa stika nyingine, nene kidogo, zina utando mweusi nyuma. "Za chuma hizi hapa. Si ungesema kitanda ni cha chuma?" Ule utando ni ferraiti, unakaa kati ya koili na chuma ili mawimbi yasimezwe. Alikuwa nazo siku zote! Siku ile nimesimama mbele yake nachekwa, dawa iko kwenye droo chini ya tumbo lake, na hakuniuliza swali moja tu: unabandika wapi? Bei ya moja ni karibu na za kawaida nne. Sikununua. Radhi nikarudi nayo nyumbani.

Nikajisemea basi nizing'oe zile tatu nizihamishie kwenye stuli ya mbao. Msifanye hivyo. Gundi yake imeshika kama deni, na ule waya wa ndani ni karatasi ya alumini, ukiivuta inakatika. Zote tatu zilitoka zimejikunja, na hakuna hata moja iliyosoma tena, mbao wala plastiki. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa kushikilia na kidole, ukiridhika ndiyo utoe karatasi ya gundi.

Ya nne niliibandika chini ya uso wa stuli, isionekane, mbao yenyewe nyembamba. Inasoma kila siku. Nazipa nyota tano? Subirini kidogo. Simu yangu haisomi stika kama kioo kimezimwa au kimefungwa. Lazima niiwashe, niweke kidole, ndipo nigusishe. Sasa ukishaifungua simu, si ungebonyeza tu kile kitufe cha kunyamazisha ukalala? Nililiwaza hilo wiki nzima nikajiona nimeibiwa mara ya pili. Na Wi-Fi haizimi, kuanzia Android 10 programu za kawaida haziruhusiwi, zinakufungulia ukurasa uzime mwenyewe. Nilikuwa nataka nizipe nyota tatu.

Ila nikitoka zamu akili yangu haikumbuki vitufe. Kuna siku nililala nimenyamazisha kila kitu mpaka mama, nikaamka jioni nakuta simu zake saba. Stika haisahau kuacha mlango wa mama wazi. Kwa hilo nne. Za kijana ziro, na nikipita pale nageuza uso.

Leo simu imeita mara moja tu, saa tatu asubuhi, nimeshapotelea usingizini. Ni mama, anauliza kama nimepata nafasi ya kulala.