TAHADHARI: Simu ikiporwa Kisumu, kadi iliyo ndani yake inachezewa kamari. Barua ya benki iandikwe kwa kufuata saa

Jamaa wa Kisumu, na hasa mnaoteremka stendi ya mabasi jioni, someni hili mpaka mwisho. Vijana wa pikipiki wanaopora simu hawatafuti simu peke yake siku hizi. Wanaitaka ikiwa wazi mkononi mwako, unapoongea au unaposoma ujumbe, kwa sababu simu iliyo wazi ina kadi ya benki ndani ya kivinjari na ina laini inayopokea ujumbe wa benki. Ndani ya nusu saa kadi hiyo inakuwa imeweka pesa kwenye saiti ya kamari ya ng'ambo, na pesa hizo hutolewa upande wa pili kama ushindi wa mtu mwingine.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye dawati la kadi la benki moja kabla ya kustaafu, na nimeona barua nyingi za malalamiko zikishindwa ilhali mwenye barua ana haki. Majuzi nimemsaidia mama mmoja fundi cherehani, jirani yetu upande wa Kibuye, kuandika yake. Amekubali nieleze yaliyompata, bila jina lake na bila jina la benki.

Simu yake iliporwa Jumamosi saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Saa moja na dakika mbili usiku saiti ya kamari ikakata shilingi 5,000. Baada ya dakika saba ikakata 10,000, kisha saa moja na dakika ishirini na moja 12,500. Yeye wakati huo alikuwa anatafuta mtu wa kumwazima simu. Laini alifaulu kuifunga saa mbili kasoro dakika kumi, na benki aliipigia saa mbili na dakika tano. Akaambiwa, "Mama, tumekufungia." Hata hivyo saa mbili na dakika thelathini na mbili zikakatwa 10,000 nyingine.

Muamala huo wa nne ulipitaje? Mhudumu alikuwa amefunga huduma ya benki kwenye simu, kadi yenyewe akaiacha wazi. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Ukipiga simu, mwambie mhudumu atamke kwamba kadi imefungwa, kisha udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Saiti kwa upande wake ilikuwa tayari imehifadhi kadi kutokana na malipo matatu ya kwanza, kwa hiyo safari ya nne haikuomba OTP, yaani namba ya siri ya mara moja inayotumwa na benki kwa ujumbe, hata kidogo. Kufunga laini hakuzuii malipo ya namna hiyo.

Jumatatu alikwenda benki na maneno ambayo kila mtu huja nayo: "Saiti ya kamari imenitapeli, nataka pesa zangu." Tafadhali msiandike hivyo. Benki ikisoma "saiti imenitapeli" hulipeleka lalamiko kwenye fungu la mteja aliyenunua huduma na hakuridhika nayo, na mtu aliyecheza kamari akapoteza hana cha kurudishiwa katika fungu hilo. Lalamiko lako ni lingine kabisa: mwenye kadi hakuidhinisha malipo. Visa na Mastercard zina taratibu maalumu za dai hilo, na benki ina siku 120 za kulifikisha kwao. Usizitegemee siku hizo zote, maana masharti ya benki yako yanaweza kukupa muda mfupi zaidi wa kuripoti.

Barua tuliyoandika ni hii. Ilikuwa ya Kiswahili na tawi liliipokea. Nakala ya pili ilipigwa muhuri wa tarehe akarudi nayo nyumbani.

*Kwa Meneja wa Tawi,*

*YAH: KUKANUSHA MIAMALA MINNE YA KADI YANGU, JUMLA SHILINGI 37,500*

*Mimi ndiye mwenye akaunti na kadi ambayo tarakimu zake nne za mwisho zimo kwenye fomu niliyoambatisha. Saa zote katika barua hii ni za Afrika Mashariki (UTC+3), kwa mtindo wa saa 24.*

*Saa 18:40 simu yangu iliporwa mkononi ikiwa imefunguliwa, na laini yangu ikiwa ndani. Kadi ilikuwa imehifadhiwa kwenye kivinjari cha simu hiyo. Saa 19:50 laini ilifungwa. Saa 20:05 niliripoti kwenu kwa simu niliyoazima, nikapewa namba ya kumbukumbu.*

*Sikufanya wala sikuidhinisha miamala ifuatayo, na hakuna niliyemruhusu kuifanya: saa 19:02, shilingi 5,000, saa 19:09, shilingi 10,000, saa 19:21, shilingi 12,500, saa 20:32, shilingi 10,000. Sijawahi kuwa na akaunti kwenye saiti hiyo.*

*Miamala mitatu ya kwanza ilifanywa nikiwa sina simu. OTP ilitumwa kwenye laini iliyokuwa mikononi mwa mwizi. Kuingizwa kwake kunaonyesha kwamba aliyeshika simu aliisoma, hakuonyeshi kwamba mimi niliidhinisha. Muamala wa nne ulifanyika dakika 27 baada ya ripoti yangu kwenu.*

*Naomba kila muamala ushughulikiwe kwa dai lake. Naomba mwitake saiti ionyeshe siku na saa ambayo akaunti ya kamari ilifunguliwa, jina lililoandikishwa, na mahali pesa zilikotolewa. Naomba pia ada za kubadilisha fedha zilizotokana na miamala hii zirudishwe, na nijibiwe kwa maandishi pamoja na sababu.*

*Nimeambatisha: abstrakti ya polisi yenye namba ya OB, namba ya IMEI ya simu, uthibitisho wa kampuni ya simu kuhusu saa ya kufungwa kwa laini, taarifa ya akaunti yenye miamala niliyoitia alama, na barua pepe ya saiti.*

Kuhusu hiyo barua pepe ya mwisho. Mama alipopata laini mpya na kuingia kwenye Gmail kwa simu nyingine, hakuona kitu. Nikamwambia afungue takataka, kwa sababu Gmail huweka ujumbe uliofutwa siku 30 kabla ya kuutupa kabisa. Humo tulikuta salamu za kumkaribisha mteja mpya kutoka kwenye saiti, za saa 18:56. Mwizi alikuwa ametumia anwani yake kufungua akaunti, kisha akafuta alama zake. Ujumbe huo unaonyesha kwamba akaunti ya kamari ilizaliwa dakika 16 baada ya simu kuporwa, na sijaona ushahidi wenye nguvu kuliko huo katika dai la namna hii. IMEI nayo hupatikana kwenye boksi la simu, au kwa kubonyeza `*#06#` simu ikiwa bado unayo, kwa hiyo iandike leo.

Benki ilirudisha 10,000 za muamala wa nne bila mabishano mengi. Mitatu mingine ilikataa, na sababu zake mbili zinafaa kujulikana na kila mtu.

Ya kwanza: "Kumbukumbu za saiti zinaonyesha muamala ulifanyika saa 16:02, kabla ya simu kuibwa." Mama alilia aliposoma hayo, akadhani ameitwa mwongo. Lakini saiti hizi nyingi zimesajiliwa Malta, Kupro au Curaçao, na mara nyingi mitambo yao huandika saa za UTC. Kenya iko mbele kwa saa tatu. 16:02 yao ni 19:02 yetu. Afisa aliyeshika faili aliweka karatasi mbili kando kwa kando bila kuongeza hizo saa tatu, ingawa barua yetu ilisema wazi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona watu wakikubali jibu kama hilo na kwenda zao. Ndiyo maana pia barua haikutaja "saa kumi na mbili" wala "saa moja usiku". Ukichanganya saa zetu za Kiswahili, saa za taarifa ya benki na saa za saiti kwenye faili moja, dai lako limekufa. Polisi pia wakiandika abstrakti, hakikisha saa ya kuporwa imeandikwa, na imeandikwa bila utata.

Ya pili ilikuwa OTP. Hapa benki hukaza kwa sababu yake yenyewe. Kwa kawaida malipo yakipita bila OTP, hasara ya wizi humwangukia mfanyabiashara. Yakipita kwa OTP, hasara hurudi kwa benki iliyotoa kadi, nayo haina pa kuidai. Kwa hiyo ikikwambia "haiwezekani kurudisha", uliza kwa upole: haiwezekani kudai kutoka kwa saiti, au benki haitaki kulipa yenyewe? Hayo ni maswali mawili.

Barua ya pili ilikuwa nusu ukurasa: hesabu ya saa tatu, ule ujumbe wa 18:56, na sentensi moja kwamba jibu lisiporidhisha lalamiko litapelekwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi lake hapa Kisumu. Shilingi 27,500 zilirudi. Ada za kubadilisha fedha bado anazidai.

Wenye kubeti kwa hiari nao wasikilize. Kama uliwahi kulipa kwenye saiti ileile kwa simu ileile, dai lako ni gumu zaidi. Tangu 2023 kanuni za Visa zinamruhusu mfanyabiashara kuonyesha malipo mawili ya zamani ambayo hukuyapinga, yenye umri wa siku 120 hadi 365, yaliyotoka kwenye kifaa hichohicho, ili aseme mteja ni yuleyule. Na simu iliyoibwa ni kifaa hichohicho. Sema ukweli huo mwenyewe kwenye barua, uonyeshe saa ambayo kifaa kilitoka mikononi mwako. Kama aliyecheza ni mwanao uliyempa simu, hilo si dai la wizi, usiliandike.

Jambo la mwisho limempata mama huyu huyu. Siku chache baada ya wizi alipigiwa na mtu mwenye sauti ya heshima, akijiita wa kitengo cha kurudisha pesa. Alitaja kila kiasi bila kukosea, akaomba OTP "ya kukamilisha" na shilingi 1,500 za faili. Alivijua viasi kwa sababu wezi wenyewe ndio waliozikata pesa hizo. Benki haitozi pesa kwa simu namna hiyo, wala haihitaji OTP kukurudishia chochote. Akipiga, kata, kisha upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako.