Uzoefu wangu na kigunduzi kilichosema hotuba ya Lincoln iliandikwa na mashine

Nahariri jarida dogo la kanisa, na mwaka huu tulilipia huduma ya mtandaoni inayodai kutambua maandishi ya akili unde. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro ninayoieleza hapa si yake peke yake: mwaka 2023 habari zilienea duniani kwamba vigunduzi vya aina hii viliihesabu Katiba ya Marekani kuwa kazi ya mashine. Nami niliamua kuikagua huduma yetu kwa maandishi ambayo hakuna anayeweza kubishana kuhusu asili yake.

Nilianza na hotuba aliyoitoa Abraham Lincoln kule Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863, yenye maneno takribani 270 tu kwa Kiingereza. Jibu lilikuwa kwamba karibu yote iliandikwa na mashine. Nilipoweka barua ya Lincoln huyohuyo isiyojulikana sana, ya miaka hiyohiyo ya vita, niliambiwa kwamba ni ya binadamu. Kwa hiyo tatizo halikuwa ukale wa Kiingereza wala mtindo wa mwandishi. Lilikuwa umaarufu.

Sababu yake inaeleweka ukijua kinachopimwa. Vigunduzi vingi hutumia modeli ya lugha, ambayo kazi yake ni kukisia neno linalofuata, kisha hupima ni kwa kiasi gani kila neno la maandishi limeishangaza. Kama modeli ilikuwa imelipatia kila neno uwezekano wa 0.05, kiwango cha mshangao ni 20. Kama ilikuwa imelipatia uwezekano wa 0.9, kiwango hushuka hadi takribani 1.1. Kigunduzi hudhani kwamba mshangao mdogo ni dalili ya mashine, kwa sababu mashine hupendelea maneno yanayotarajiwa. Dhana hiyo haitofautishi kati ya sentensi inayotabirika kwa sababu ni ya kawaida na sentensi inayotabirika kwa sababu modeli imeikariri.

Hotuba ya Gettysburg ni ya aina ya pili. Lincoln anaanza kwa kuhesabu miaka 87 kwa namna ya kizamani, yaani ishirini mara nne na saba, ambayo hakuna Mmarekani anayeitumia leo katika mazungumzo. Kwa haki, maneno hayo yangeishangaza modeli kuliko yote. Lakini hotuba hiyo imenakiliwa katika vitabu vya shule, kurasa za makumbusho na insha za wanafunzi, kila mahali ikiwa imezungukwa na maandishi tofauti, hivyo hata wanaoandaa maandishi ya kuifunza modeli wakifuta kurasa zinazofanana, nakala nyingi hubaki. Nilipobadilisha hesabu ile ya mwanzo na kuweka maneno yangu mahali pa maneno machache katika kila sentensi, huku nikiacha muundo ulivyo, uamuzi uligeuka na hotuba ikawa ya binadamu. Hicho ndicho kipimo ninachowashauri wengine wakitumie: maandishi ya kawaida hayabadiliki sana kwa marekebisho madogo namna hiyo, ila yaliyokaririwa hubadilika ghafla. Kuna jambo la ajabu kidogo hapa, kwamba mashine inapotunga kitu kipya huchagua maneno kwa kubahatisha kiasi, kwa hiyo kwa kawaida maandishi yake yenyewe hayafikii mshangao mdogo kama wa hotuba iliyokaririwa.

Sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, kwa Kiingereza cha tafsiri ya mwaka 1611, nayo ilihukumiwa vivyo hivyo, lakini hapo kuna sababu ya ziada. Baadhi ya vigunduzi hutazama pia jinsi mshangao unavyopanda na kushuka kutoka sentensi hadi sentensi, vikichukulia kwamba binadamu huyumba zaidi. Sura hiyo imejengwa kwa marudio: Mungu akasema, ikawa hivyo, ikawa jioni ikawa asubuhi. Msomaji anayeisikia ibadani huyafurahia marudio hayo. Kigunduzi huona mstari ulionyooka.

Kwa Kiswahili, sura hiyohiyo katika tafsiri ya Union ilipata jibu la katikati, na siyaamini majibu ya huduma hii kwa lugha yetu hata yanapokuwa sahihi, kwa sababu mipaka ya uamuzi wake inaonekana kuwekwa kwa kufuata Kiingereza.

Kwa kazi yetu madhara ni ya moja kwa moja. Makala ya mahubiri yenye aya ndefu za Maandiko huonekana ya mashine, ingawa mchungaji ameyaandika mwenyewe. Sasa naondoa nukuu zote kabla ya kuyapima, na kinachobaki mara nyingi ni kifupi mno kuamuliwa. Sitalipia tena muda wa matumizi utakapokwisha. Nikimtilia mwandishi shaka, nitamwomba rasimu zake.