Niliwaambia tatizo si kasi ya kujifunza: uzoefu wangu na huduma ya kukodi mashine za kufundishia modeli

Nimekasirika, na naandika kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kuwatafutia visingizio. Mashine zao zina kasi, hilo sikatai, na bei yao sina ugomvi nayo. Kilichonichosha ni kitu kimoja: hasara ya modeli yangu, yaani kipimo cha jinsi inavyokosea, iligeuka `nan`, thamani isiyo namba, hatua chache tu baada ya kuanza kufundisha, na nilipoomba msaada nikajibiwa kama mtu aliyevamia fani isiyo yake.

Wanachokinadi hasa ni kiolezo. Unapakia jedwali lako, unataja safuwima yenye jibu, kiolezo kinasawazisha namba ziwe kwenye mizani moja kisha kinaanza kufundisha mtandao wa neva. Jedwali langu lilikuwa la vihisi vya mitambo: joto, mtetemo, shinikizo, na safuwima moja ya kengele ya dharura, ambayo ni 0 karibu muda wote na 1 pale kengele inapolia. Kengele hulia katika takriban mstari mmoja kwa kila mistari 100. Ishikeni safuwima hiyo, tutairudia. Modeli ilitakiwa kutabiri kama mtambo utasimama ndani ya saa inayofuata.

Skrini ilionyesha hivi:

```
hatua 6   hasara 0.6522
hatua 7   hasara 0.6480
hatua 8   hasara 0.6391
hatua 9   hasara nan
hatua 10  hasara nan
```

Baada ya hapo ni `nan` mpaka mwisho. Thamani hiyo ikishaingia haitoki: hasara ikiwa `nan`, gredienti zinazoelekeza sahihisho zinakuwa `nan`, uzito wa mtandao, zile namba unazojifunza, unasahihishwa kwa `nan`, na kuanzia hatua inayofuata hata data safi kabisa inatoa `nan`. Kwa hiyo mstari wa kutazamwa ni ule wa tisa, na wa nane uliotangulia. Hayo niliyaandika kwenye ujumbe wangu wa kwanza kwa kitengo chao cha msaada, pamoja na picha ya skrini.

Jibu: punguza kasi ya kujifunza, yaani ukubwa wa kila sahihisho la uzito. Ilikuwa 0.001, nikaweka 0.0001. Hatua ya tisa, `nan`. Nikawarudia, wakaniambia nipunguze tena. Nikaweka 0.00001. Hatua ile ile ya tisa. Nikawaeleza kwamba mbegu ya kuchanganya data, namba inayoamua mpangilio wa mistari, haijabadilika, kwamba bechi ya tisa, yaani kundi la mistari linaloingia hatua ya tisa, ni ile ile kila mara, na kwamba tatizo lisilosogea hata hatua moja kasi ikipunguzwa mara mia haliwezi kuwa la kasi. Nikajibiwa: "Ndugu mteja, kila anayeijua kazi hii anaanza na kasi ya kujifunza. Tafadhali fuata maelekezo kabla ya kubishana."

Kabla ya kubishana! Nimelipa, nimeleta ushahidi, halafu naambiwa nabishana.

Niwe mwadilifu hapa. Ushauri wenyewe si wa kijinga. Kasi ikizidi, kila sahihisho linavuka lengo na linalofuata linavuka zaidi, uzito unavimba, na hasara inavimba nao. Lakini hali hiyo ina dalili zake, na zinaonekana kwa macho. Hasara haifi ghafla, inapanda kwanza: 0.7, kisha 1.9, kisha 40, kisha 8000, kisha namba ndefu zisizo na maana. Namba za biti 32 zina dari ya karibu 3.4 mara kumi kwa kipeo cha 38, na zile za biti 16 za `float16` zinaishia 65504. Ikivukwa dari inakuja `inf`, yaani isiyo na kikomo, na `inf` ikitolewa kwa `inf` ndipo `nan` inapozaliwa. Ukipunguza kasi, mlipuko huo unachelewa au unatoweka. Yangu ilikuwa inashuka vizuri, 0.6480, 0.6391, halafu kaburi. Mtu anayeijua kazi hii angeuliza swali moja tu: hasara ilikuwa ngapi hatua moja kabla? Hawakuuliza, na jibu lilikuwa mbele yao kwenye picha.

Nikafanya jaribio ambalo nawashauri wote walifanye kabla hawajapoteza saa zao. Weka kasi ya kujifunza iwe sifuri. Uzito haubadiliki, modeli haijifunzi kitu, hasara inachezacheza tu kutoka bechi hadi bechi. Kama `nan` bado inakuja, kasi imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Ilikuja, hatua ya tisa.

Nikawatumia matokeo hayo, wakageuza wimbo: data yako ni chafu. Hapo hasira ikanipanda kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshaikagua. Nafasi tupu, hakuna. `inf`, hakuna. Thamani ndogo na kubwa za kila safuwima, zote za kawaida. Na sikutazama wastani peke yake, kwa sababu pandas hukokotoa wastani kwa kuruka nafasi tupu kimyakimya, kwa hiyo wastani mzuri hauthibitishi chochote. Nilihesabu nafasi tupu zenyewe:

```python
print(df.isna().sum().sum())
```

Sifuri. Nikatuma. Safari hii wakaniambia nipunguze ukubwa wa bechi kutoka 256 hadi 32. Nikafanya. `nan` ikaja hatua ya kwanza kabisa.

Kwao hiyo ilikuwa sababu ya kufunga tiketi yangu na kuandika "tatizo liko upande wa mteja". Kwangu ndiyo iliyofungua kila kitu. Kwa nini bechi ndogo iharakishe kifo? Kama ni mstari mmoja mbovu uliojificha katika jedwali, bechi ndogo kwa kawaida ingechelewa kuufikia, maana kila hatua inabeba mistari michache. Hapa ilikuwa kinyume. Kwa hiyo ubovu haukuwa ndani ya jedwali, ulikuwa unatengenezwa njiani, baada ya data kutoka kwangu na kabla ya kuingia kwenye mtandao. Nikaweka kizuizi mahali hapo hapo, mlangoni mwa modeli:

```python
for hatua, (x, y) in enumerate(bechi_zote, start=1):
    mbovu = (~torch.isfinite(x)).any(dim=0)
    if mbovu.any():
        print(hatua, mbovu.nonzero().flatten())
        break
```

Ikataja safuwima moja tu: kengele ya dharura. Mistari yote 256 ya bechi hiyo ilikuwa `nan` kwenye safuwima hiyo, ilhali kwenye jedwali langu mistari ile ile ni sifuri safi. Nikafungua kiolezo chao, na huu ndio mstari niliokuta:

```python
x = (x - x.mean(dim=0)) / x.std(dim=0)
```

Wanasawazisha kila bechi kivyake. Bechi isiyo na kengele hata moja ina sifuri tupu kwenye safuwima ile: wastani ni sifuri, mkengeuko sanifu, ile `std` inayopima namba zinavyotawanyika, ni sifuri, na sifuri kugawanya kwa sifuri ni `nan`. Hesabu inakubaliana na skrini. Kama kengele inalia mstari mmoja kati ya 100, uwezekano wa bechi ya mistari 256 kukosa kengele kabisa ni 0.99 kwa kipeo cha 256, yaani karibu asilimia 7.6, takriban bechi moja kati ya 13. Ndiyo maana nilifika hatua ya nane salama. Kwa bechi ya 32 uwezekano unaruka hadi asilimia 72 hivi. Ushauri wao wa kupunguza bechi ulikuwa kumwagia moto petroli.

Na hata isingekuwa `nan`, mstari huo ni kosa kubwa. Joto la nyuzi 80 linapata thamani moja leo na nyingine kesho kutegemea limewekwa bechi moja na mistari ipi. Halafu siku ya kutabiri, ukileta mstari mmoja peke yake, `std` ya mstari mmoja kwa mpangilio wa kawaida wa torch ni `nan`. Maana yake kiolezo hiki hakijawahi kuweza kutabiri mtambo mmoja kwa wakati, na wanakiuza.

Nilipowaonyesha, mtu yule yule hakuomba radhi. Alinitumia toleo "lililorekebishwa". Hasara ikawa 0.0000, hatua baada ya hatua, naye akaandika kwamba sasa iko sawa. Nikachungulia: wameivisha hasara `torch.nan_to_num`, ambayo hugeuza `nan` kuwa sifuri. Uzito wa mtandao nilipouchapisha ulikuwa `nan` mtupu, kwa sababu sifuri mara `nan` bado ni `nan`, na gredienti zilipita hapo hapo. Wameficha ugonjwa wakaacha maiti ikionyesha alama za ushindi. Mteja mwingine angeiamini sifuri ile. Hilo siwasamehei, ni baya kuliko ukali wa yule mtu.

Nyota moja, basi. Lakini siwezi kuishia hapo bila kumtaja fundi wa pili, aliyeichukua tiketi baada ya mimi kuifungua upya kwa maneno makali. Alisoma kila kitu. Swali lake la kwanza lilikuwa lile nililolingoja tangu mwanzo, hasara ya hatua iliyotangulia. La pili, kama nimekagua data baada ya kusawazishwa au kabla. Hakuniita mbishi. Akabadilisha kiolezo changu kikokotoe wastani na mkengeuko mara moja tu, kwa data yote ya mafunzo, na kuzihifadhi namba hizo zitumike pia wakati wa kutabiri, kisha akaongeza hili kwa safuwima ambazo hazibadiliki kabisa:

```python
std[std == 0] = 1
```

Nikarudisha kasi ya kujifunza kwenye 0.001, ile ile waliyoilaumu. Hasara ikashuka mpaka mwisho bila kukwama, na mashine ilimaliza haraka kuliko yoyote niliyowahi kukodi. Kwa ajili ya fundi huyo nilikuwa nimeshapandisha hadi nyota tatu, na nusu ya hasira ilikuwa imeniisha.

Kisha juzi nikafungua kiolezo chao cha umma, kile anachopewa kila mteja mpya. Mstari wa `x.std(dim=0)` uko pale pale. Wamerekebisha nakala yangu peke yake. Nimeandika tena, sijajibiwa. Nyota mbili, na nitashuka hadi moja wasipouondoa. Kama mnaitumia huduma hii na mna safuwima yoyote ambayo thamani yake ni nadra kubadilika, sawazisheni data wenyewe kabla ya kupakia na mzime usawazishaji wa kiolezo. Na mkipewa mtu wa msaada anayeanza na kasi ya kujifunza kabla ya kuangalia skrini yenu, ombeni tiketi ihamishiwe kwa mwingine siku hiyo hiyo.