Picha za koti la suti kwa duka la ushonaji Kampala: huduma niliyolipia, nyota nne kati ya tano

Nililipia picha tano za koti moja la kiume ili wateja waone kitu cha kushonewa kabla ya kufika dukani. Koti ni la rangi ya samawati iliyokolea, la kitambaa cha TR, yaani poliesta na viskosi, lenye mng'ao wa wastani. Lina vifungo viwili mbele, na mkunjo wa kifuani una upana wa sentimita 8 na ncha zinazochongoka kuelekea mabegani. Mteja wa kwanjula, sherehe ya Waganda ya kutambulishwa ukweni, hulivaa juu ya kanzu nyeupe, kwa hiyo picha moja ilikuwa lazima iwe na kanzu.

Nianze na mkunjo, maana hapo mpiga picha alifanya kazi nzuri. Hakutumia flashi ya mbele. Taa inayopiga koti usoni hufuta kivuli kilicho chini ya ukingo wa mkunjo, na ukingo ukikosa kivuli, ncha hupotea ndani ya kifua: koti zima huonekana kama karatasi iliyokatwa. Alilivika doli, akaliweka karibu na mlango wenye turubai, mwanga ukaingia kutoka ubavuni, na upande wa pili akasimamisha ubao mweupe wa kurudisha mwanga kidogo. Kivuli chembamba kikafuata ukingo kutoka ncha hadi kifungo cha juu. Saa sita mchana nje isingewezekana, kwa sababu hapa karibu na ikweta jua hukaa juu ya kichwa na kuangusha vivuli virefu kuelekea tumboni.

Alisimama mita mbili hivi kutoka kwa koti na kuvuta kwa lenzi. Ukikaribia sana na lenzi pana ya simu, kifua huvimba na mabega hurudi nyuma, kisha mkunjo wa sentimita 8 huonekana kama wa 11. Mteja anaagiza huo wa 11, halafu anagombana na fundi.

Kasoro moja ilikuwa ya kwetu wenyewe. Tulikuwa tumepiga pasi mkunjo mpaka ukalala bapa. Mkunjo uliotengenezwa vizuri hujiviringisha taratibu ukikaribia kifungo cha juu, haujikunji kama bahasha. Mvuke tu, bila kukandamiza, uliurudisha, na picha ya pili ilionyesha mviringo huo.

Kwa vifungo, picha ya karibu ilikuwa safi: matundu manne ya kifungo, uzi uliopita humo, na shingo ndogo ya uzi inayokiinua kifungo ili unene wa kitambaa upate nafasi. Kifungo cha juu ndicho kilichofungwa, cha chini kikaachwa wazi, kama koti la vifungo viwili linavyovaliwa. Alikumbuka pia kung'oa nyuzi za muda kwenye mpasuo wa nyuma, jambo ambalo hata mafundi husahau.

Nyota moja niliikata hapa. Katika picha mbili aliligeuza koti kama kwenye kioo ili lielekee upande wa maandishi ya tangazo. Koti la kiume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukiwa juu ya wa kulia. Ukigeuza picha, upande wa kulia unapanda juu, na kwa jicho la fundi hilo ni koti la kike. Tundu la ua kwenye mkunjo nalo linahamia upande usio wake. Nilizirudisha, naye akazirekebisha bila malipo.

Mng'ao ndio mgumu kuliko vyote. Huonekana tu pale mwanga unapoakisiwa kuelekea kwenye kamera, kwa hiyo ukibadilisha pembe kidogo kitambaa kinakufa na kuwa kama cha sare ya shule. Alizungusha doli polepole mpaka mstari mmoja wa mwanga ukatelemka kwenye mkono wa koti, akapiga hapo. Pia alipunguza mwangaza wa kamera karibu hatua moja, kwa sababu kamera ikiona kitambaa cheusi au samawati nzito hujaribu kukifanya kijivu. Jihadhari na mng'ao wa kuungua: pasi ya moto bila kitambaa cha kufunika huacha mabaka yanayong'aa kwenye mshono wa mfuko, na kamera huyaonyesha waziwazi kuliko macho.

Picha ya kanzu haikufaulu mara ya kwanza. Aliporekebisha mwangaza kwa ajili ya koti, kanzu ilizidiwa na mwanga ikawa doa jeupe lisilo na mikunjo, na mishono myekundu ya shingoni ikafifia. Alipolinda kanzu, koti likawa shimo jeusi. Mwishowe aliusogeza ubao mweupe karibu na koti, mwanga wa kanzu akaukata kwa kadibodi, na vyote viwili vikasomeka. Hilo lilichukua kama nusu ya muda wote, kwa hiyo ukitaka koti juu ya kanzu, mwambie mapema na uweke siku yake.